Duka la wifi yangu Nzuguni: jinsi "mwaka huu nafungua duka" ilivyogeuka kazi za wiki moja moja

Miaka 3 mfululizo wifi yangu alikuwa anasema neno lilelile tukivunja kikoba Desemba, mwaka huu nafungua duka. Na kila mwaka ile hela inaingia ndani, inakaa mpaka kama mwezi wa 3, ikifika Pasaka haipo, ada imekula kidogo, msiba umekula kidogo, bati la jiko limekula kidogo, hakuna hata mmoja aliyeichezea. Sio mvivu, naomba hili lieleweke mapema, huyu ni mtu anaamka saa 10 alfajiri kukanda maandazi na saa 3 asubuhi ndoo iko tupu, imeoshwa, imefunikwa.

Mi nina kaduka kangu Nkuhungu, hapahapa Dodoma, mwaka wa 6 huu, afu ndo katibu wa hicho kikoba, kwa hiyo safari hii nilimwambia wifi kabla hujaondoka na hiyo bahasha njoo tukae. Tulikaa, na tukaenda hivyo wiki 14 mpaka duka likafunguliwa. Naandika kwa urefu kwa sababu naona watu wengi wako palepale alipokuwa yeye, na sehemu iliyotukwamisha ndo ile watu hawaisimulii.

Alikuwa na 1,200,000, yani laki 7 na nusu ya kikoba na laki 4 na nusu ya kibubu. Namba ya NIDA anayo. Maandazi yanamuachia kama elfu 7 kwa siku. Mume wake, yani kaka yangu, ni bodaboda, watoto 2 wako shule. Hakuna mkopo na hakutaka mkopo, hilo tuliliheshimu.

Sasa siku ya kwanza tukaandika kwenye daftari, tukajiona tumeshagawanya lengo: kutafuta fremu, kutafuta leseni na TIN, kuongeza mtaji, kununua mzigo, kufungua. Mistari 5 mizuri kabisa. Wiki ikapita, Jumapili baada ya kanisa namuuliza umefikia wapi, ananijibu "natafuta fremu wifi". Nikamuuliza kesho saa ngapi utakuwa umesimama wapi ukitafuta hiyo fremu? Kimya. Sio kwamba ananificha, hakuwa na jibu kwa sababu hata mimi niliyeandika naye sikuwa nalo.

Hapo ndo niliona kosa letu. "Kutafuta fremu" lilikuwa ni neno kubwa lilelile la kufungua duka, tumelikata vipande 5 lakini kila kipande bado hakishikiki. Kutafuta hakuna mwisho, mtu anaweza kutafuta mwaka mzima na kila ukimuuliza anakujibu ukweli mtupu kwamba anatafuta. "Kuongeza mtaji" ndo mbaya zaidi, maana kila ukifika kwenye kiasi fulani unaona bado, unaongeza kwanza, na huku hela inaliwa.

Tukafuta yote tukaweka utaratibu mmoja. Kazi ya wiki lazima iishie kwenye kitu ambacho wifi anaweza kukiweka mezani kwangu Jumapili: namba, karatasi, ufunguo, jina la mtu na simu yake. Kama hakiwezi kuwekwa mezani hiyo sio kazi ya wiki, ikatwe tena. Afu iandikwe siku, saa na mahali. Kuna mwanasaikolojia Mjerumani anaitwa Peter Gollwitzer, tangu miaka ya 1990 amefuatilia sana hili jambo, kwamba mtu aliyejiwekea "ikitokea hivi, hapohapo nafanya hiki" huwa anatimiza zaidi kuliko aliyesema tu nataka. Kwa wifi tulitafuta hicho cha kutokea ndani ya siku yake mwenyewe, na kilikuwa ndoo. Akishaosha ndoo ya maandazi, saa 3 na robo hivi, kabla hajakaa, anatoka. Akikaa tu basi, kuna nguo, kuna jirani, kuna mboga, siku imeisha.

Kwa hiyo mstari wa kwanza uliokuwa "kutafuta fremu" ukawa hivi, nanukuu daftari lake: Jumanne nikishaosha ndoo, natembea kutoka upande wa stendi kuu mpaka mtaani kwetu, naandika fremu tupu nitakazoona, simu ya mwenye nayo, kodi kwa mwezi, miezi anayotaka mbele. Jumapili kaleta fremu 4. Miaka 3 hakuwahi kujua kodi ya fremu hata moja, na asubuhi moja anazo 4. Mbili zikaanguka palepale, moja haina umeme, nyingine inavuja mpaka ukuta umeota kijani. Zikabaki 2: ya barabarani elfu 100 kwa mwezi, na ya ndani mtaani elfu 50. Zote wanataka miezi 6 mbele.

Moyo wake ulikuwa barabarani, na wa kwangu pia nisiseme uongo, watu wengi wanapita pale. Tukakubaliana wiki ya 2 isiwe ya kuchagua, iwe ya kuhesabu.

Hii wiki naomba niieleze vizuri. Jumatano na Jumamosi, saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku, maana duka la mtaani linaishi jioni. Alichukua maharage mabichi kwenye mfuko wa kushoto wa gauni, kila mteja akiingia duka jirani na ile fremu ya barabarani anahamisha harage moja kwenda mfuko wa kulia, hana karatasi wala kalamu, hakuna anayemshangaa. Jumamosi akahesabu maharage 74. Nyingi, ila pale kuna maduka 3 yamepangana, hayo 74 ni ya mangi mmoja mzoefu ambaye watu wanamjua kwa jina, yeye angeingia wa 4 kwenye mstari.

Kule ndani hakuna duka la kuhesabia, kwa hiyo tulibadili swali. Alikaa kwenye tofali mbele ya ile fremu tupu akahesabu watu wanaorudi nyumbani wakiwa na kifurushi mkononi, yani wametoka kununua kwingine wakapita hapo. 33. Duka la karibu liko ng'ambo ya korongo, na mvua za Januari zikinyesha lile korongo halipitiki bila kuvua viatu. Afu aliwasimamisha 10 aliokuwa anawafahamu akawauliza tu, mmenunua nini jamani. Mafuta ya kupima, sukari robo, sabuni kipande, chumvi, kiberiti, unga kilo moja. Kati ya wote 10 hakuna aliyesema soda. Hapo friji ambayo ilikuwa kichwani kwake miaka yote 3 ikatoka kwenye bajeti bila ugomvi, na mi naamini ningemwambia mwenyewe kwa mdomo asingenielewa, lakini alikuwa amesikia kwa masikio yake.

Wiki ya 3 ilikuwa Majengo, maduka ya jumla 3, bidhaa 12 tu, bei ya kila moja kwenye kila duka. Nisikae hapo sana, ila nitoe mfano wa sukari kwa sababu ndo ulimfungua macho. Mfuko wa kilo 50 aliupata 135,000, ni 2,700 kwa kilo. Ukiuza kwa kilo 3,000 unapata mia 3. Lakini robo mtaani inauzwa 800, robo 4 ni 3,200, unapata mia 5 kwa kilo ileile. Sasa kupima robo kuna kumwagika, na mkono ukiwa mzito kidogo kila mara ile faida inaondoka na wateja, kwa hiyo mzani unakuwa muhimu kuliko shelfu. Yeye alikuwa amepanga shelfu nzuri na mzani wa kuazima. Tukageuza.

Wiki ya 4 hakutoka popote, kazi yake ilikuwa kuja kwangu Alhamisi na daftari, tupige hesabu, na cha kuweka mezani ni jina la fremu moja. Tulifanya hivi. Kodi ya ndani elfu 50, umeme elfu 10, bajaji ya kubeba mzigo kwa mwezi elfu 20, mchango wa ulinzi elfu 5, jumla elfu 85, gawanya siku 30 ni kama 2,800 kwa siku. Kwenye vitu kama hivi, kwa uzoefu wangu wa Nkuhungu, kila mia ya mauzo inabaki kama 12. Kwa hiyo ili azibe hizo 2,800 anatakiwa auze kama elfu 24 kwa siku, hapo hajapata hata mia ya kwake. Kwa fremu ya barabarani gharama zinafika 135,000 kwa mwezi, ni 4,500 kwa siku, lazima auze 37,500 kabla hajaanza kula. Tena wa 4 kwenye mstari.

Afu tukapanga ile 1,200,000. Kodi ya ndani, tukiomba miezi 3 badala ya 6, ni 150,000. Shelfu na kaunta 140,000. Mzani wa mtumba na kuhakikiwa 60,000. Makaratasi na nauli zake tukatenga 150,000. Kufuli, taa, waya 40,000. Laki moja haiguswi hata nyumba ikiungua. Inabaki 560,000 ya mzigo. Ukiweka fremu ya barabarani kwa miezi 6, kodi peke yake laki 6, mzigo unabaki 110,000. Alikaa anaitazama ile 110,000 muda mrefu. Akasema, "kumbe ningefungua duka tupu wifi." Na hivyo ndivyo maduka mengi yanavyofungwa hapa Dodoma, mi nimeyaona kwenye mtaa wangu, fremu nzuri ya barabarani, rangi mpya, shelfu ya juu ina sabuni 6 zimepangwa mbalimbali ili ionekane imejaa.

Sasa sehemu tuliyokwama.

Wiki ya 5 kazi iliandikwa: Alhamisi nikishaosha ndoo naenda kwa mama mwenye fremu namuomba miezi 3. Siku iko, saa iko, mahali papo, cha kuweka mezani kipo, nikaona imekamilika. Jumapili hakuenda, mvua. Sawa. Wiki ya 6 tukaiandika tena vilevile neno kwa neno, Jumapili hakuenda, mtoto alikuwa na homa. Mi nikakasirika, nikamwambia wifi ndo mwaka wa 4 unaanza hivyo. Nilikosea sana na niliona uso wake ulivyobadilika, akawa anakunja kona ya daftari anaikunjua. Tukanywa chai bila maneno. Baadae nikamuuliza taratibu, tuseme umefika getini kwake, mama katoka, unaanza kusema nini? Akanijibu, "hapo ndo sijui wifi. Akisema hapana nitaondokaje?"

Kumbe ndani ya ile kazi moja kulikuwa na kazi nyingine ambayo hatukuiandika kabisa, ya kupata maneno. Kwenda sio tatizo, ni mita 300 kutoka kwake. Na huyu mama ni mtu mzima anaheshimika pale mtaani, wifi ni binti wa kuja, kaolewa hapo, aibu yake ilikuwa ya kweli. Tangu siku hiyo tumeshika kwamba kazi ikirudi Jumapili mara 2 haijafanyika, haiandikwi mara ya 3 kwa maneno yaleyale, tunaifungua tuone imebeba nini ndani.

Tukaikata vipande 3. Jumatatu aende kuomba tu kuiona fremu kwa ndani, aangalie mita ya Luku, aangalie mlango, asiguse habari ya hela. Jumatano usiku anipigie simu tufanye mazoezi, mi nikiwa mama mwenye fremu. Alhamisi aende na hela mkononi, elfu 150 taslimu. Sentensi tuliitunga pamoja: "Mama, fremu nimeipenda, hapa nina kodi ya miezi 3 leo leo, na ya miezi 3 inayofuata nitaleta wiki moja kabla hii haijaisha." Na akikataa, aseme "nashukuru mama, naomba nikajipange nirudi Jumapili", hivyo anaondoka na heshima yake, hajafunga mlango. Hiyo ya kuondokea ndo iliyompa nguvu kuliko ile ya kuombea. Nilimwambia pia asianze na shikamoo peke yake, mama ni Mgogo wa palepale, aanze na mbukwenyi.

Jumatatu alipoenda kuiona akakuta vumbi la kutosha na mama mwenyewe akamwambia imekaa miezi 5 bila mpangaji. Hiyo habari ilikuwa na thamani kuliko mazoezi yetu yote. Alhamisi saa 4 asubuhi simu yangu inaita, nasikia anahema, kashapewa ufunguo.

Baada ya fremu ndo makaratasi, na hapa niseme kuhusu mpangilio kwa sababu mwanzoni yeye alitaka kuanza nayo ili "awe halali kwanza". Ukirudi nyuma kutoka mwisho unaona kwa nini haiwezekani. Leseni wanataka TIN ya biashara, kwenye TIN alivyoambiwa dirishani wanataka mkataba wa pango na barua ya serikali ya mtaa kuonyesha biashara iko wapi, na mkataba unataka fremu. Angeanza na leseni angezungushwa wiki 3 akaona serikali inamkatisha tamaa, kumbe kashika mkia. Kwa hiyo wiki ya 8 mkataba na barua ya mtaa, wiki ya 9 TRA, wiki ya 10 leseni, ofisi moja kwa wiki moja basi. TIN yenyewe ni bure, ila kodi inakadiriwa kwa mauzo kwa hiyo nenda na hesabu zako za mauzo, usiende kukisia ukiwa umesimama mbele ya mtu. Leseni inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI, unapata kontrol namba unalipia kwa simu. Ada inategemea aina ya biashara na eneo, ndo maana wiki ya 3 akiwa mjini tulimfanya apite kuuliza tu, ili ile laki na nusu ya makaratasi isiwe ya kubuni.

Kitu kimoja alitoka nacho TRA ambacho kilibadilisha mpango. Aliambiwa mauzo yakifika milioni 11 kwa mwaka unatakiwa mashine ya EFD. Ukigawanya kwa siku 365 ni kama elfu 30 kwa siku. Yeye anahitaji 24 ili asile hasara, na ili apate angalau elfu 5 ya nyumbani kwa siku anatakiwa afike kama 65. Maana yake duka likienda vizuri tu atavuka. Kwa hiyo tukaweka kabisa kwamba siku mauzo yakianza kugusa 30 anatenga elfu 2 kila siku ya mashine, na daftari la mauzo linaandikwa kuanzia siku ya kwanza, bila hilo hata hutajua umevuka lini.

Fundi wa shelfu alituchelewesha siku 9. Hapa tulijifunza kugawa ukurasa kwa mstari katikati, kushoto ya kwangu, kulia ya wengine. Kabla ya hapo wifi alikuwa anaandika "shelfu" kama kazi ya wiki, afu anakaa nyumbani anasubiri, na wiki inahesabika imeshindwa wakati yeye hana kosa, inamvunja moyo bure. Kilichoko kulia hakiwezi kuwa kazi yako, lakini lazima kiwe na mwenzake kushoto. Fundi kulia, kushoto ikawa Jumatano saa 4 napita karakana naangalia mbao zimekatwa au hazijakatwa, zikiwa zimekatwa ndo natoa elfu 70 ya pili. Alipita mara 2, ya kwanza hazijakatwa, hakutoa hela, akaondoka bila kugombana. Ya pili zimekatwa.

Mzani nusura atuingize hasara. Alipata wa mtumba wa elfu 35, anang'aa, nikamwambia nenda na pakiti ya kilo moja ambayo haijafunguliwa uiweke juu. Ulisoma gramu 950. Maana yake kila kilo atakayopima anampa mteja kama gramu 50 za bure, hapo ukiuza kwa kilo karibu nusu ya faida ya sukari imeondoka. Akauacha akachukua mwingine wa 45,000 uliosoma sawa, ukapelekwa Wakala wa Vipimo wakauhakiki na kubandika stika, na hiyo ni ya kila mwaka sio mara moja tu.

Wiki ya 13 mzigo. Hela ya mzigo ni 560,000, tulinunua wa 420,000 tu. 140,000 tuliiacha kwa makusudi, kwa sababu wiki ya kwanza ndo duka linakuambia nini kinatoka, na kama hela yote iko kwenye shelfu huna cha kujibu, unabaki unaangalia kilichoisha na kilichododa vyote kwa pamoja. Mfuko wa sukari tuligawana, nusu nikachukua mimi. Sembe mifuko 2 tu, maana ilikuwa inaelekea mavuno na watu wengi wa pale wana mashamba Hombolo na Chamwino, wakishavuna wanasaga ya kwao na unga wa dukani unalala.

Katikati ya Aprili akafungua. Asubuhi maandazi yanauzwa palepale kaunta, hakuyaacha na nilimsihi asiyaache. Wiki ya kwanza wastani elfu 21 kwa siku, chini ya ile 24, nilikuwa na wasiwasi kuliko yeye. Mafuta ya kupima yaliisha siku ya 3, ile 140,000 ikaenda huko. Wiki ya 3 tukakuta madeni ya watu yamefika 47,000, karibu faida yote, na kazi ya wiki hiyo ikawa nyumba 6 za kupita, majina 6, na kila mmoja aseme tarehe ya kulipa mwenyewe. Walilipa 4, wawili mpaka leo wanapita ng'ambo ya korongo. Wiki ya 5 wastani ukawa 34, akaanza kutenga ile elfu 2 ya mashine kwenye kopo la maziwa la zamani.

Niseme pia kitu ambacho huu utaratibu hauwezi. Kama kule kwenye fremu ya ndani angehesabu vifurushi 8 badala ya 33, hizi kazi za wiki zingempeleka vizuri sana mpaka kwenye hasara, kwa mpangilio, na Jumapili zote zimetimia. Kwa hiyo zile wiki 4 za mwanzo za kuhesabu zisiguswe, hata mtu akikuona umekaa kwenye tofali na maharage mfukoni akauliza unafanya nini. Na tulikuwa tumekubaliana kabla, ikitokea namba haijai tunaiacha hela kwenye kikoba na anaongeza ndoo ya 2 ya maandazi, na hiyo nayo ingekuwa jibu.

Mwezi uliopita kaanza tena, "wifi, nataka kuweka friji". Safari hii sikusema chochote, akachukua kalamu mwenyewe akaandika: Jumatano nikishaosha ndoo, fremu nafungua saa 5, naenda kuuliza friji za mtumba maduka 3, bei, na zinakula uniti ngapi kwa siku. Jumapili kaleta bei za 2, la tatu lilikuwa limefungwa, na ya uniti hakuna muuzaji aliyempa jibu la kueleweka. Kwa hiyo wiki hii anaenda kwa dada mmoja mwenye duka karibu na stendi, atasoma mita yake ya Luku jioni na asubuhi yake, na maharage ameyarudisha mfukoni, anahesabu wanaoulizia kitu cha baridi.